Hotuba fupi mezani: jinsi nilivyotetea nyongeza halisi ya mshahara

Mwishoni mwa 2023 nilipewa kazi ya kufungua mazungumzo ya mishahara kwa niaba ya wanachama wa kiwanda kimoja cha hapa Jinja. Mapendekezo yetu yalikuwa yameshawasilishwa kwa maandishi, kwa hiyo hotuba haikuwa mahali pa kuyasoma tena. Kazi yake ilikuwa moja: kumfanya mwajiri aone kwamba kile anachokiita nyongeza, kwa mfanyakazi ni upungufu.

Nilijua hoja watakayoanza nayo, maana ilikuwa magazetini kila wiki. Kwa takwimu za UBOS, idara ya takwimu ya Uganda, mfumuko wa bei wa mwaka ulikuwa asilimia 10.7 Oktoba 2022, na kufikia Oktoba 2023 ukashuka hadi asilimia 2.4. Menejimenti ikishika hiyo 2.4 mkononi inasema, "Tunawapa asilimia 5, mara mbili ya mfumuko." Ukiwaachia hapo umeshashindwa kabla chai haijaletwa.

Jibu lake ni kwamba mfumuko ukishuka, bei hazishuki. Zinaendelea kupanda, ila polepole, na zinapanda juu ya zile za mwaka uliotangulia. Mishahara yetu ilikuwa imepangwa mara ya mwisho Oktoba 2021, kwa hiyo miaka yote miwili ilibidi ihesabiwe. Wala haihesabiwi kwa kujumlisha, inahesabiwa kwa kuzidisha: 1.107 mara 1.024 ni 1.1336. Bidhaa zilizonunuliwa kwa shilingi 100,000 Oktoba 2021 zilihitaji kama 113,400 miaka miwili baadaye. Bei zilipanda asilimia 13.4, si 2.4.

Wawakilishi wengi huishia hapo, wakaomba asilimia 13.4 na kuamini wamerudi walipokuwa. Hawajarudi, kwa sababu mtu haendi sokoni na mshahara ulioandikwa kwenye mkataba. Anaenda na kilichobaki baada ya makato. Nilichukua karatasi ya mshahara ya daraja lenye watu wengi kwetu, shilingi 400,000 kwa mwezi, nikakata sehemu yenye jina na namba ya mfanyakazi, nikaipitia mstari kwa mstari. Kodi ya PAYE kwa mshahara huo ilikuwa 23,000: 10,000 ya kufikia 335,000, kisha asilimia 20 ya zile 65,000 zinazobaki. NSSF ya mfanyakazi, asilimia 5, ni 20,000. Mkononi anabaki na 357,000.

Ili hizo 357,000 zinunue kilekile, zinapaswa kuwa kama 404,700. Sasa mpe asilimia 13.4: mshahara unakuwa 453,600, lakini umeshavuka 410,000, na kila shilingi iliyo juu ya hapo inakatwa kodi ya asilimia 30. PAYE inaruka hadi 38,080, NSSF 22,680, na mkononi anapata takriban 392,800. Bado anapungukiwa karibu 11,900 kila mwezi. Ngazi hizo za kodi ziliwekwa 2012 na hazikusogezwa bei zilipopanda, ndiyo maana nyongeza ya karatasini inaliwa njiani. Kwa daraja hilo, kusimama palepale tu kulihitaji 472,000, yaani asilimia 18. Nyongeza halisi inaanzia juu ya hapo. Sisi tuliomba asilimia 22, inayofikisha 488,000 na kumwachia mtu 415,200 mkononi. Ukilinganisha na 404,700, faida yake ya kweli ni asilimia 2.6.

Hotuba niliyoisoma ilikuwa hii:

"Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa wa upande wa menejimenti, ndugu wawakilishi wenzangu. Tulipotia saini Oktoba 2021, mfanyakazi wa shilingi 400,000 alikwenda nyumbani na 357,000. Leo anakwenda na zilezile. Unga wa posho, maharage, mkaa na nauli vimepanda, na kwa jumla ya bei zote anahitaji 404,700 kununua alichonunua siku ile. Mkimpa asilimia 5 atapokea 371,000, na pengo la zaidi ya 33,000 litabaki juu yake kila mwezi. Hatusemi menejimenti ndiyo iliyopandisha bei, wala kwamba ndiyo iliyoweka kodi. Tunasema kazi ni ileile na malipo yake yamepungua. Asilimia 18 inamrudisha alipokuwa. Tunaomba 22, ili apate kitu juu ya hapo kabla bei hazijaanza kumla tena. Tunajua kila mfanyakazi wa daraja hili atawagharimu 96,800 zaidi kwa mwezi, pamoja na NSSF yenu. Karatasi za hesabu ziko mbele yenu. Tunaomba mzikague, na tunaomba mtuonyeshe za kwenu."

Ile gharama ya 96,800 niliiweka kwa makusudi. Ni 88,000 ya nyongeza na 8,800 ambayo mwajiri anachangia NSSF, asilimia 10. Mhasibu wao angeitoa tu, tena angeitoa kwa sauti ya mtu aliyegundua jambo tuliloficha. Kwa wafanyakazi 200 wa daraja hilo ni shilingi 19,360,000 kwa mwezi, na ni afadhali takwimu hiyo itoke kinywani mwako.

Hesabu hii ina mipaka yake, na upande wa pili utaitafuta. Asiyefikia 235,000 hata baada ya nyongeza halipi PAYE kabisa, kwa hiyo kwake hoja ya kodi haisimami: mshahara ukipanda asilimia 13.4, cha mkononi nacho kinapanda vivyo hivyo. Lakini asilimia ya mshahara mdogo ni hela ndogo, na unga wa mfagiaji hauuzwi kwa bei ya chini kuliko ya fundi. Kwa madaraja ya chini omba kiasi cha shilingi ambacho nyongeza haitashuka chini yake, pamoja na asilimia. Watakuambia pia kwamba NSSF ni akiba ya mfanyakazi mwenyewe. Ni kweli, kubali bila ubishi, kisha uulize ni duka gani litampokelea akiba hiyo mwezi huu.

Kuhusu kima cha chini cha sheria, nilikiacha nje ya hotuba. Kiwango kilichopo ni shilingi 6,000 kwa mwezi, cha tangu 1984, na muswada wa kuweka utaratibu mpya uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 haukupata saini ya Rais. Kwa mwajiri hiyo ni habari ya serikali, inamfungulia njia ya kutoka kwenye mada. Vitisho vya mgomo navyo havina nafasi katika ufunguzi. Ukitaja mgomo kabla hujakataliwa, kikao kizima kitajadili adabu yako badala ya mishahara.

Usichague bei ya bidhaa moja iliyopanda sana ukaifanya msingi wa dai. Ukileta sukari, wao wataleta bidhaa iliyoshuka msimu huo, na asubuhi itaisha mkibishana juu ya soko la Amber Court. Fahirisi ya bei ya UBOS inapima kapu zima, na ni vigumu kwao kuikataa kwa sababu wao wenyewe ndio wanaoinukuu. Bidhaa za nyumbani zitaje ili watu waone maisha yanayosemwa, lakini dai lisimame juu ya fahirisi.

Kabla hamjainuka siku ya kwanza, hakikisheni kumbukumbu za kikao zimeandika mambo mawili: mwezi ambao hesabu ya bei inaanzia, na kwamba kinacholinganishwa ni mshahara wa mkononi. Sisi tuliomba vyote viwili visomwe kwa sauti, pande zote zikaweka saini. Pasipo maandishi hayo, kikao cha pili kitaanza na mtu mwingine wa menejimenti, na 2.4 yake mkononi.