Sekunde za mdogo wangu

Mdogo wangu kazaliwa Dar, saa tisa usiku, 1 Januari 2000. Akaniuliza: alipofikisha miaka 25 alikuwa ameishi sekunde ngapi? Kompyuta huhesabu sekunde tangu 1970, kwa hiyo ni kutoa tu:

```
1735689600 - 946684800 = 789004800
```

Ukienda kwa 25 × 365 × 86400 unapungukiwa na 604800, wiki nzima! Ndizo zile Februari 29 saba. Kompyuta imezihesabu, ila sekunde za nyongeza inazipuuza. Kwake kila siku ina sekunde 86400. Katika miaka hiyo saa za dunia ziliongezewa sekunde tano, ya mwisho Desemba 2016. Basi ongeza tano.

Ila mkunga kaandika "saa tisa" bila dakika, kwa hiyo tarakimu nne za mwisho ni kubahatisha tu 😂