Kitabu cha Wakaguzi

Jirani yangu mwenye bucha alinipa ushauri ambao mpaka leo unaniudhi: "Wakaguzi wakikuomba hongo, sema utawatumia jioni. Watasahau." Nani asahau pesa?

Afisa afya alikuja mgahawani kwangu, hapa Dar, akakuta pipa la taka halina mfuniko na mpishi mmoja amepitisha miezi sita bila kupimwa afya. Makosa ya kweli, sibishi. Akashusha sauti: "Mama, hili likifika ofisini litakuumiza. Tuyamalize hapa hapa." Nikamwambia nitakutumia jioni.

Simu ikaanza jioni ile ile. Ijumaa tena, saa ya wateja, mikono ina unga: "Mama, ule mzigo vipi?" Nikasingizia mtandao, mara salio, mara mume kasafiri. Binamu yangu mhasibu ndiye aliyenishtua: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 haimwangalii anayetoa tu, hata anayeahidi yumo. Kumbe kila "kesho, baba" yangu ilikuwa ushahidi dhidi yangu!

Nikanunua kaunta buku, elfu tano hivi, nikachora mistari: tarehe, jina, cheo, namba ya kitambulisho, alichokuta, alichoagiza, saini. Aliporudi nikamkaribisha kwa heshima zote, nikamwekea kiti, kitabu na kalamu. "Bosi, naomba uniandikie makosa yangu nirekebishe. Kama kuna faini, nipe namba ya malipo ya serikali, nitalipa leo leo." Hapa usipandishe sauti wala usimtaje mtu rushwa mbele ya wateja, utamfanya atafute kosa la tatu.

Alikiangalia kile kitabu muda mrefu. Akafunua kurasa, zote tupu, akauliza nani mwingine anakisoma. Nikasema, bila kucheka, kila mkaguzi anayekuja, na bosi wake pia akipita. Akaandika makosa mawili, akatia saini, akanipa notisi ya siku kumi na nne.

Mfuniko niliununua siku hiyo, mpishi akaenda kupimwa. Nikapiga picha, nikapeleka barua ofisini kwao, nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo huna barua. Kitabu hakifuti faini halali, lakini. Baadaye nilitozwa ya maji machafu, kama elfu hamsini, nikalipa kwa namba ya malipo na risiti nikaibandika humo.

Angeendelea kudai, ningepiga 113 ya TAKUKURU, bure. Ila usijitungie mtego wako mwenyewe kwa kumpa pesa halafu ukaripoti. Waite kwanza, mtego wanauweka wao, na noti wanaziandaa wao.

Mwenye bucha juzi kaja kuniazima kitabu, ana wageni. Nimemwelekeza duka la vifaa vya shule.