Namba ya Dira Kabla ya Ankara: Namna Tulivyochuja Usomaji wa Maji Kibosho

Jumuiya yetu ya maji inahudumia vitongoji kadhaa vya Kibosho, juu kidogo ya mji wa Moshi, na kazi yangu ni kupokea namba zilizosomwa na wasoma dira mwishoni mwa mwezi na kuziandaa kwa ajili ya ankara. Kwa muda mrefu uhakiki ulikuwa ni jicho la mhasibu wetu, mama anayewafahamu wateja wengi kwa majina, ambaye alipitisha kalamu kwenye orodha na kuzungushia namba iliyomtia shaka. Alikuwa hodari, lakini msoma dira aliyerudishiwa karatasi yenye duara jekundu hakujua arudi kwa mteja kutazama nini. Kwa hiyo nilipoandika programu ya kufanya kazi hiyo, nilijiwekea sharti moja: kila namba itakayozuiwa itoke na sababu yake, iliyoandikwa kwa namna ambayo kompyuta inaweza kuihesabu na mtu anaweza kuisoma na kuchukua hatua. Ndiyo maana matokeo yake yanatoka kama faili la JSON, rekodi moja kwa kila dira.

Jambo la kwanza lilikuwa kutenganisha kisichowezekana na kisicho cha kawaida, kwa sababu mambo haya mawili hayatibiwi kwa dawa moja. Dira nyingi tulizofunga ni za milimita 15, na usoni zimeandikwa Q3 2.5, maana yake zimetengenezwa kupitisha mita za ujazo 2.5 kwa saa mfululizo. Kiwango cha juu kabisa, ambacho dira hukihimili kwa muda mfupi tu, ni mara 1.25 ya hapo, yaani 3.125 kwa saa. Ukizidisha kwa saa 24 unapata mita za ujazo 75, yaani uniti 75, kwa siku, na kwa siku 30 ni uniti 2,250. Hakuna kaya inayofika huko, na hata bomba likipasuka baada ya dira, si rahisi maji yanayozidi kiasi hicho yapite katika dira hiyo kwa mwezi mzima. Namba inayovuka mpaka huu si matumizi makubwa. Ni kosa la kusoma au la kuandika, na hakuna haja ya kumuuliza mteja kama alikuwa na sherehe.

Mpaka huo unanasa hasa kosa la tarakimu nyekundu. Dira zetu zina tarakimu tano nyeusi zinazohesabu uniti kamili, na baada yake zipo nyekundu zinazohesabu sehemu za uniti. Msoma dira mgeni akichukua nyekundu moja pamoja na nyeusi, 01379 inageuka kuwa 13794, na kaya iliyokuwa kwenye 01362 inaonekana imetumia uniti 12,432. Programu ikikutana na hali hiyo inajaribu kuondoa tarakimu ya mwisho, na ikiona kilichobaki kinaingia katika kawaida ya mteja, inaiandika kama pendekezo.

Matumizi yakitoka hasi, watu wengi hudhani ni kosa moja kwa moja, kumbe zipo hali ambazo hasi ni halali. Dira ikifika 99999 inarudi mwanzo, hivyo mteja aliyekuwa 99987 akisomwa 00004 ametumia uniti 17 tu. Hali nyingine ni pale ambapo mwezi uliopita lango lilikuwa limefungwa na namba ikakadiriwa. Kadirio likizidi uhalisia, usomaji halisi unaofuata huwa chini yake. Kwa hiyo kila namba tunaihifadhi pamoja na aina yake, halisi au kadirio, na programu ikikuta hasi baada ya kadirio inarudi hadi usomaji halisi wa mwisho na kuhesabu upya kwa siku zote zilizopita tangu hapo. Kwa mzunguko wa dira hesabu ni fupi:

```python
tofauti = sasa - awali
if tofauti < 0:
    mzunguko = tofauti + 10**tarakimu
    if mzunguko <= 75 * siku:
        tofauti = mzunguko
```

Sharti la ndani ndilo lenye uzito. Bila hilo, mteja aliyetoka 01362 akaandikwa 01327 angehesabiwa kuwa amezungusha dira nzima na kutumia uniti 99,965.

Namba ikishapita mtihani wa uwezekano, ndipo tunauliza kama inafanana na mteja mwenyewe. Hapa hatulinganishi uniti za mwezi kwa mwezi, kwa sababu msoma dira hafiki siku ileile; mvua za masika zikiharibu njia, kipindi cha siku 28 kinaweza kufuatwa na cha siku 34. Tunagawa matumizi kwa idadi ya siku, kisha tunachukua vipindi 12 vilivyopita. Mteja mmoja, kwa mfano, alikuwa na uniti kati ya 0.53 na 0.65 kwa siku katika miezi 11, halafu 1.10 mwezi wa Desemba. Anayeijua Kilimanjaro hahitaji kuelezwa: Desemba watoto na wajukuu wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na kwingineko, na nyumba ya watu wawili inakuwa ya watu kumi.

Desemba hiyo moja ndiyo iliyonifanya niache wastani wa kawaida. Ukijumlisha miezi yote 12 na kugawa, unapata 0.63 kwa siku, na ukiweka mpaka wa juu kwa kuongeza mtawanyiko mara tatu, unafika takribani 1.07, sawa na uniti 32 kwa siku 30. Maana yake, choo kikivuja hadi matumizi yakapanda kutoka uniti 18 hadi 30, mpaka huo hauoni kitu. Badala yake tunapanga namba kutoka ndogo hadi kubwa na kuchukua ya katikati, ambayo kwa mteja huyu ni 0.60, kisha tunatafuta ya katikati ya tofauti zote kutoka hapo, ambayo ni 0.03. Tofauti hiyo tunaizidisha kwa 1.4826 ili ifanane na mtawanyiko wa kawaida, halafu mara tatu, tunapata 0.13. Desemba haivuti chochote, kwani imebaki kuwa namba moja pembeni.

Hata hivyo 0.13 ni finyu mno kwa kaya yenye nidhamu kama hii. Mgeni mmoja akilala wiki mbili tayari programu ingelalamika. Tuliweka kwamba upana usipungue asilimia 30 ya namba ya katikati, kwa hapa 0.18, na mteja akapata mpaka wa 0.42 hadi 0.78 kwa siku, yaani karibu uniti 12 hadi 24 kwa siku 30. Asilimia hiyo ni uamuzi wetu, haikutoka kitabuni. Desemba tunaiangalia pia kwa kuilinganisha na Desemba iliyopita, na ikikaribiana nayo rekodi inapita ikiwa na taarifa tu, bila kuzuiwa.

Sasa tazama mteja huyohuyo alipoletwa na namba 01397 baada ya siku 30, kutoka 01362:

```json
{
  "akaunti": "K-0217",
  "awali": "01362",
  "sasa": "01397",
  "siku": 30,
  "matumizi": 35,
  "hali": "HAKIKI",
  "sababu": [
    {"alama": "JUU_YA_KAWAIDA",
     "maelezo": "Uniti 35; kawaida ni 12 hadi 24."},
    {"alama": "TARAKIMU_ZIMEPISHANA",
     "maelezo": "Ikiwa 01379, matumizi ni 17.",
     "pendekezo": "01379"}
  ]
}
```

Sababu ya pili inapatikana kwa kubadilishana nafasi kila jozi ya tarakimu zinazofuatana na kuona ni ipi inayoingia katika mpaka. Kati ya 10397, 03197, 01937 na 01379, ni hiyo ya mwisho peke yake inayofaa. Kuna dalili nyingine hapa ambayo mhasibu wetu aliipenda sana: tarakimu mbili jirani zikipishana, tofauti kati ya namba ya kweli na ya kosa lazima igawanyike kwa 9, na 18 inagawanyika. Hata hivyo programu haibadilishi namba. Pendekezo linakaa pembeni, na `sasa` inabaki ilivyoandikwa hadi msoma dira atazame picha aliyopiga au arudi kwenye dira, kwa sababu 35 inaweza kuwa kweli, na mteja mwenye bomba linalovuja anastahili kuambiwa hivyo.

Utaona pia kwamba namba za dira zimewekwa ndani ya alama za nukuu. JSON hairuhusu namba kuanza na sifuri, na ukizigeuza kuwa namba tupu sifuri za mbele zinapotea, nawe hujui tena kama msoma dira aliandika tarakimu tano au aliruka moja. Vilevile tunatofautisha `"00000"` na `null`: ya kwanza imesomwa, ya pili haikusomwa kabisa, na hiyo ya pili lazima ije na sababu yake, lango au mbwa. Mteja mpya asiye na historia alitusumbua kidogo, kwa kuwa hesabu ya katikati ilitoa `NaN`, ambayo Python huiandika bila kulalamika ilhali JSON haiitambui. Kuweka `allow_nan=False` kunaifanya programu isimame hapohapo, na mteja huyo anapimwa kwa mpaka wa dira tu.

Kosa gumu kuliko yote ni la majirani wawili kuandikiana namba. Wa kwanza alikuwa 01362, wa pili 02840. Msoma dira akaandika 02861 kwa wa kwanza na 01379 kwa wa pili. Mmoja anatokea na uniti 1,499, ambazo ziko chini ya ule mpaka wa 2,250, na mwingine hasi 1,461. Ukijumlisha njia nzima ili kuilinganisha na dira kuu, huoni kitu, kwa maana 1,499 ukitoa 1,461 ni 38, sawasawa na 17 na 21 walizotumia kweli. Kwa hiyo programu ikikutana na rekodi iliyozuiwa, inajaribu kubadilishana namba na akaunti zinazotangulia na kufuata katika njia ya msomaji, na zote mbili zikiingia katika kawaida zao, kila moja inapewa sababu inayotaja akaunti ya mwenzake.

Majirani wanatusaidia pia upande wa sifuri. Mteja mmoja akipata sifuri huku wenzake wa bomba hilohilo wametumia kama kawaida, sababu inasema bomba lifunguliwe na dira itazamwe kama ile nyota ndogo iliyo usoni mwake inazunguka. Wote wakishuka pamoja, sababu inataja mgao, na hakuna anayetumwa mlangoni kwa mtu.

Lililobaki nje ya uwezo wa mpango huu ni dira inayozeeka. Inahesabu pungufu kidogo kidogo, na kwa kuwa kawaida ya mteja inatokana na vipindi 12 vya karibuni, mpaka unashuka pamoja nayo na kila mwezi unaonekana sawa. Kwa hizo tunahifadhi namba ya katikati ya mwaka wa kwanza wa kila dira bila kuigusa, na mwezi wa Januari tunatoa orodha ya walioshuka chini ya robo tatu ya hapo, fundi akawapime kwa ndoo ya lita 20: ndoo 50 zikijazwa, dira iwe imesogea uniti moja.