Kioo cha duka la shangazi: kumbukumbu ya maneno machache

13 Desemba

Shangazi ana duka la nguo na viatu hapa Ngamiani, Tanga, na kila mwaka kabla shule hazijafunguliwa Januari hupunguza bei ili mzigo utoke. Kazi yangu ni kuandika mabango. Si fundi wa kulipwa, napenda tu herufi na brashi. Mwaka huu nimeamua kuandika kila hatua, kwa sababu mwaka jana nilifanya bango zuri sana ambalo hakuna aliyelisoma.

Bango lenyewe bado ninalo, limekunjwa stoo. Limeandikwa: PUNGUZO KUBWA LA BEI KWA MAHITAJI YOTE YA SHULE. Leo nimelitandaza sakafuni nikalipima. Ukihesabu na nafasi kati ya maneno, hapo kuna herufi 47 kwenye mstari mmoja, na kioo kinanipa upana wa mita 2 tu wa kuandikia. Kila herufi ilipata sentimita 4 na kidogo, kwa hiyo urefu wake haukuweza kuzidi sentimita 5.

Kipimo ninachokitumia ni hiki: herufi nene ya sentimita 10 inasomeka bila kukaza macho ukiwa umbali wa mita 12 hivi. Mwenye macho mazima ataitambua hata akiwa mbali mara tatu ya hapo, lakini akisimama na kuikodolea. Mpita njia hakodoi. Herufi zangu za sentimita 5, basi, zilikuwa zinamsemesha mtu aliye mita 6 kutoka dukani, na ng'ambo ya barabara ni mita 14. Aliyekuwa anaweza kulisoma alikuwa ameshafika mlangoni.

15 Desemba

Nimekaa kwa muuza kahawa ng'ambo, vikombe vitatu, nikitazama watu wanavyopita. Aendaye kwa miguu hugeuza uso kwenye kioo mara moja, akiona jambo hugeuka tena. Wa bodaboda yuko mwendo wa mita 8 kwa sekunde. Tangu aanze kuona duka mpaka limpite ni sekunde tatu. Katika sekunde tatu mtu anapata kitu kimoja na bei yake. Neno "mahitaji" halimpi kitu chochote cha kushika.

Nilipokuwa hapo akapita mama mmoja na kanga yenye maandishi mgongoni, nikayasoma yote kabla hajakata kona. Nyumbani nimefungua sanduku la mama nikahesabu majina ya kanga zake: mengi ni maneno manne hadi sita, herufi kubwa, hakuna mapambo ndani ya maandishi yenyewe, maua yote yako pembeni. Waliotunga walijua kanga inasomwa ikiwa inatembea.

16 Desemba

Jaribio la kwanza lilikuwa SHULE 25,000, na viatu vyeusi vimepangwa chini yake. Nilidhani viatu vitajieleza. Muuza kahawa akaniuliza kama shangazi amefungua tuisheni. Kijana wa bajaji akaongeza kwamba kwa ada hiyo atamleta mdogo wake.

Jaribio la pili, VIATU SHULE. Shangazi akalikataa kabla sijalibandika. "Hiyo 'vya' umeipeleka wapi? Watasema duka la watu wasiosoma linauza vitu vya shule." Nilimwambia herufi tatu zinanila sentimita 50. Akasema nikate kwingine. Kwa kweli alikuwa na haki: Kiswahili kinaunganisha maneno yake kwa hivyo vidogo, na ukiving'oa msomaji husimama kidogo kuvirudisha mwenyewe, na huko kusimama ndiko ninakokukwepa. Nikayagawa katika mistari miwili: VIATU juu, VYA SHULE chini.

17 Desemba

Leo hatukugusa brashi, tumebishana juu ya neno "punguzo".

Shangazi analipenda. Mimi pia nililipenda mpaka leo asubuhi, nilipokaa dukani nikasikia. Kuna karatasi ndogo mlangoni imeandikwa PUNGUZO tangu Jumatatu. Mteja wa kwanza alishika kiatu akasema, "Mmeandika punguzo, haya nipunguzie." Akaambiwa bei imeshapunguzwa. "Imepunguzwa na nani? Mimi sijaomba bado." Wa pili vilevile, na wa tatu. Hapa neno hilo halimaanishi bei ya msimu, linamaanisha kile mnachofikia mkishazungumza. Ukiliandika ukutani umewaita watu waje mzungumze. Na kweli walizungumza, na shangazi alimwachia mmoja jozi kwa hasara ili foleni iende.

"Asilimia 20" nayo tumeiacha. Inamlazimu mtu ajue bei ya zamani, kisha apige hesabu, na yuko barabarani na mtoto mkononi. Bei yenyewe inatosha: aliye na 30,000 mfukoni anajua papo hapo kama anahusika.

Lakini bei ipi? Viatu vidogo, namba 28 hadi 35, shangazi alitaka vitoke kwa 25,000, na vikubwa hadi namba 41 kwa 30,000. Mwaka juzi alifanya hivyo, na kijana aliyemwandikia aliweka "kuanzia" kwa herufi kama za mchwa juu ya 25,000 kubwa. Wazazi wa watoto wa sekondari walifika na 25,000 kamili, wakarudi wamenuna. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja kuhusu bei, ila shangazi hakuhitaji kuisoma; aliona nyuso zao. "Kuanzia" ikiandikwa ni lazima iwe na urefu sawa na maneno mengine, na hapo inakula mstari mzima.

Tukakaa na daftari la mzigo. Vidogo alivinunua 21,000, vikubwa 24,000. Kwa bei moja ya 28,000 bado anapata kitu kila upande, na kwenye vidogo anapata zaidi. Akakubali. Na hapo ndipo tulipopata maneno ambayo sikuyatafuta: BEI MOJA. Kwa watu wa hapa yanasema namba zote ni bei hiyo, na yanasema pia usianze kuomba.

19 Desemba

Rangi. Nilianza kupaka herufi nyekundu moja kwa moja kwenye kioo, rangi ya maji yenye matone ya sabuni ya vyombo ili ifutike baadaye. Usiku chini ya taa ilipendeza. Asubuhi saa mbili nilivuka barabara nisione kitu. Kioo kinatazama magharibi, jua limepiga majengo ya ng'ambo, na duka ndani ni giza. Kioo kimekuwa kama cha kujitazamia, naona bodaboda na mti, na wekundu umezama kwenye giza la ndani. Nyekundu ina nguvu juu ya karatasi nyeupe. Juu ya kioo chenye giza nyuma yake hufifia karibu sawa na nyeusi.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupaka nyeupe au njano kwenye kioo, ambayo inasomeka lakini hukatikakatika pale mwanga wa mbele unapopita. Ya pili, niliyoichagua, ni kuweka karatasi ya njano nyuma ya kioo, imegusana nacho kabisa, na herufi nyeusi juu yake. Njano inarudisha mwanga mwingi kiasi kwamba ile sura ya barabara haiishindi. Ukiiweka nyuma hata kwa nusu mita, kivuli cha duka huifunika na unarudi ulipoanza.

21 Desemba

Limekamilika. Nimeunganisha manila za njano kwa nyuma, upana mita 2, kimo sentimita 122. VIATU na VYA SHULE zina urefu wa sentimita 18 kila mstari. Chini yake 28,000 kwa tarakimu za sentimita 38, bila ile mistari ya "/=", ambayo kwa mbali huonekana kama tarakimu mbili zaidi. Chini kabisa BEI MOJA, sentimita 11. Unene wa kila mstari wa herufi ni sehemu moja ya sita ya urefu wake. Nilipojaribu nene zaidi, tundu za 8 zilijaa, na kwa mbali 8 ikawa 0.

Nimeibandika sehemu ya juu ya kioo. Bajaji zikiegeshwa mbele hufunika chini, na huko kumebaki sentimita 38 za kuonyesha viatu vyenyewe.

Kosa: nilitumia solotepu ya kawaida. Unyevu wa Tanga uliing'oa kona mbili usiku huohuo na karatasi ikajikunja, 28,000 ikawa 28,00. Sasa nimezungusha gundi ya pande mbili ukingo wote.

Kupima nilifanya hivi. Nilimwomba muuza kahawa asiniambie kama linapendeza, aniambie limeandikwa nini, mara moja, kisha ageuke. "Viatu vya shule ishirini na nane." Dereva wa bodaboda aliyepita nilimwuliza alipofika kona. Akataja viatu na bei. BEI MOJA hakuiona, nami sikutarajia. Hiyo ni ya anayevuka barabara.

23 Desemba

Kadi za shelfu. Hapa msomaji yuko mita 2 au 3, kwa hiyo jina la kitu likiwa sentimita 2.5 na bei sentimita 6, kadi ya nusu ya A4 inatosha. Mfano wa masweta:

SWETA
15,000
ilikuwa 18,000

"Ilikuwa" inakubaliana na bei, siyo na kitu, kwa hiyo kadi zote zinatumia neno lilelile, iwe ni mashati, begi au viatu. Mwanzo niliandika bei ya zamani kwa ukubwa uleule na kuipiga mstari, lakini mama mmoja alisoma 18,000 kwanza akarudisha sweta. Sasa ya zamani iko chini, ndogo, haina mstari. Na ni bei iliyokuwepo kweli mwezi uliopita. Shangazi alitaka begi liandikwe "ilikuwa 40,000" wakati liliuzwa 35,000. Jirani aliyelinunua Novemba alikuwa amesimama pale pale, maneno yakaishia hapo.

Soksi bado zinanisumbua. SOKSI 3 KWA 5,000: wawili wameuliza kama ni soksi tatu au jozi tatu, na mmoja alikuwa hatanii. NUNUA 2 UPATE 1 ilikuwa mbaya zaidi, alikuja mtu akidhani analipia mbili anachukua moja. Kesho najaribu JOZI 3 juu na 5,000 chini, soksi zenyewe zimefungwa jozi tatu tatu kwa raba palepale chini ya kadi. Raba za kutosha sina, nimemtuma mtoto sokoni.