Sweta la mama lilivyorefuka kabatini

Nilipohama Njombe kuja kufanya kazi Dar es Salaam, mama alinipa sweta alilolifuma kwa mkono, la uzi mzito wa sufu. Huku joto ni kali, halivaliwi, kwa hiyo nililitundika kwenye henga nyembamba ya waya, nikalifunika kwa nailoni la dobi ili lisishike vumbi. Niliona nimelitunza vizuri sana.

Mwezi wa Juni nilipolitoa nikaende nalo nyumbani, nilisikitika. Mabegani palikuwa na nundu mbili zilipokaa ncha za henga, na urefu ulikuwa umetoka sentimita 64 hadi 69. Pia lilinuka uvundo, na chini ya kwapa kulikuwa na madoa ya ukungu.

Mama alinieleza akiwa amelishika mkononi. "Mwanangu, hili si shati. Kitambaa cha shati kimesukwa, nyuzi zinashikana. Sweta ni vitanzi vitupu, kila kimoja kinaning'inia kwenye mwenzake. Ukilitundika, uzito wote unavuta vya juu." Ndiyo maana zito huharibika haraka kuliko jepesi, na bichi ndilo baya zaidi, kwa sababu sufu hunywa maji mengi.

Tuliliosha kwa maji ya uvuguvugu, tukalikamua kwa kulikunjia ndani ya taulo na kulikandamiza bila kulisokota. Kisha tukalilaza juu ya taulo kavu kivulini, mama akalisukuma kwa viganja kutoka pindoni kwenda juu huku tukilipima kwa futi ya fundi. Lilipokauka siku ya pili lilikuwa sentimita 65. Nundu zilikwisha. Sufu inakubali kurudi hivyo. Sweta langu jingine la akriliki tulilifanyia vilevile, likabaki limelegea mpaka leo.

Kuhusu nailoni, kosa langu lilikuwa kufungia unyevu. Hewa ya Dar wakati wa masika ni nzito, na sweta nililiweka likiwa na jasho la siku moja. Unyevu ukakosa pa kutokea.

Sasa naliosha kwanza, hata kama nimelivaa mara moja, kwa kuwa viwavi wa nondo hupenda sufu yenye jasho na mafuta ya mwili. Likishakauka kabisa nakunjia mikono mgongoni, nalikunja mara tatu, nalitia ndani ya foronya ya pamba na kufunga mdomo kwa kamba. Pamba inapitisha hewa, na ikiwa imefumwa kwa kubana, nondo hapenyi. Mazito yanakaa chini, mepesi juu, yasizidi manne, la sivyo la chini linapata mikunjo migumu.

Mvua zikikatika nayatoa yote, nayapunga hewa kivulini nusu siku, kisha nayakunja upya kwa mstari tofauti na ule wa mwanzo.