Siku moja maabara, Kigoma: kutafuta Ka ya asidi asetiki kwa kipima pH

Saa 1:30 asubuhi. Kidato cha sita wanaingia saa nne kutafuta Ka, yaani namba inayoonyesha asidi inavyotengana kuwa ioni majini, kwa hiyo asidi iwe tayari mapema. Asidi asetiki isiyochanganywa na maji ina takriban moli 17.4 kwa lita. Ili kupata lita moja ya 0.10 M napima mililita 5.75 karibu na dirisha lililo wazi, naimimina kwenye chupa ya ujazo yenye maji nusu, kisha najaza hadi alama. Harufu yake inachoma pua, na ikidondokea mkononi inaunguza.

Maji yawe yaliyokenekwa. Hapa Kigoma hilo halina mjadala, kwa sababu maji ya bomba yanatoka Ziwa Tanganyika, na ziwa hili lina bikabonati nyingi, takriban milimoli 6 kwa lita.

Saa 2:15. Sitegemei mililita zangu 5.75 kujua mkolezo, maana pipeti ndogo hudanganya. Nachukua mililita 25.0 za asidi, natia matone mawili ya fenolfthalini, nateremsha sodiamu hidroksaidi ya 0.100 M kutoka kwenye bureti. Hidroksaidi hiyo nimeshaihakiki kwa asidi oksaliki, kwani ikikaa wazi hunywa kaboni dayoksaidi ya hewani na kupungua nguvu. Rangi ya waridi hafifu inabaki kwenye mililita 24.6. Mkolezo wa asidi ni 24.6 × 0.100 ÷ 25.0, yaani 0.0984 M.

Wanafunzi huuliza kwa nini bureti isitupe na ioni za hidrojeni moja kwa moja. Haiwezi. Kila ioni inayoondolewa na alkali, asidi inatengana zaidi kuziba pengo, mpaka yote inaisha. Bureti inahesabu asidi yote iliyomo; kipima pH kinasoma ile tu iliyokwisha kutengana. Ka inahitaji vyote viwili.

Saa 3:00. Kipima pH. Elektrodi imelala kwenye myeyusho wa potasiamu kloraidi wa 3 M, siyo kwenye maji matupu, ambayo huidhoofisha. Nairekebisha kwa bafa, myeyusho ambao pH yake inajulikana na haiyumbi kirahisi: kwanza ya 7.00, kisha ya 4.00. Tunategemea kusoma chini ya 3, kwa hiyo bafa ya 2.00 ikiwepo naiongeza. Kati ya bafa na bafa nasuuza na kugusisha karatasi laini polepole. Kusugua kioo kunafanya usomaji uyumbeyumbe.

Saa 4:10. Vikundi vinasoma. Namba inashuka, inapunguza mwendo, inatulia kwenye 2.88. Anayeandika kabla haijatulia anaharibu kazi yake mwenyewe. Hesabu ni hii:

```
[H+] = 10^-2.88 = 1.32 × 10^-3
Ka = (1.32 × 10^-3)^2 / (0.0984 - 0.0013)
Ka = 1.8 × 10^-5
```

Vitabuni utaona 1.75 × 10^-5, kwa hiyo tumekaribia sana. Lakini tazama kipeo cha pili: kosa la pH linaingia mara mbili. Ukisoma 2.86 unapata 2.0 × 10^-5, ukisoma 2.90 unapata 1.6 × 10^-5. Kwa hiyo kuandika Ka kwa tarakimu nne ni kujidanganya, mbili zinatosha.

Saa 5:20. "Mwalimu, sisi tumepata 6.3 × 10^-7!" Kikundi kimesoma pH 3.6. Jibu liko kwenye chupa yao: wameichanganya asidi wenyewe kwa maji ya bomba. Bikabonati imegeuza sehemu ya asidi kuwa asetati, nayo asetati inabana mtengano wa asidi iliyobaki. Myeyusho umekuwa bafa, na kanuni yetu, inayodhani kila asetati imetoka na ioni yake ya hidrojeni, haifai tena. Dalili ya pili iko kwenye bureti: ukihakiki asidi hiyo baada ya kaboni dayoksaidi iliyotokana na bikabonati kutoka yote, itaonekana takriban 0.094 M badala ya 0.10 M. Wanaanza upya.

Saa 8:00. Baada ya chakula, joto la chumba liko juu kidogo ya nyuzi 25. Ka ya asidi asetiki yenyewe haibadiliki sana karibu na hapo. Kinachobadilika ni mwitikio wa elektrodi, hivyo halijoto ya kipima iwekwe sawa na ya myeyusho.

Saa 9:00. La mwisho ni kupunguza asidi hadi 0.0010 M. Kipima kinasoma 3.91, na hapa njia ya mkato inafeli. Ukigawanya kwa 0.0010 bila kutoa kilichotengana unapata 1.5 × 10^-5. Ukitoa 0.00012 kwanza, unarudi kwenye 1.7 × 10^-5. Kwenye 0.0984 M sehemu iliyotengana ilikuwa asilimia 1.3 tu, hapa imefika 12.