Nilivyokadiria saa za ufundi kwa madarasa manane yanayofanana

Nilipopewa kazi ya kukadiria gharama ya ufundi kwa madarasa manane ya ramani moja katika shule ya sekondari, kikundi kilekile cha mafundi na vibarua kikiyajenga moja baada ya jingine, jambo la kwanza nililokataa ni kuchukua saa za darasa la kwanza na kuzizidisha kwa nane. Kikundi kinachorudia kazi hukumbuka vipimo vya kona, hujua tofali zirundikwe wapi na hakisimami tena kuuliza urefu wa dirisha, kwa hiyo saa hupungua. Mhandisi wa ndege wa Marekani, T. P. Wright, alionyesha mwaka 1936 kwamba upungufu huo una mpangilio. Kwa namna niliyoitumia hapa, kila idadi inapoongezeka mara mbili, muda wa kitu kimoja hushuka kwa asilimia ileile.

Nilianza na ujenzi wa kuta, kuanzia juu ya msingi hadi kwenye lenta, kwa sababu hapo mkono wa fundi ndio unaoamua kasi. Kila jioni msimamizi aliandika saa za kila mtu, na kando yake akaandika saa ambazo watu walikaa wakisubiri maji, mchanga au saruji. Safu hiyo ya pili ndiyo iliyookoa makadirio. Darasa la kwanza lilikula saa 460, lakini 60 kati ya hizo zilikuwa za kusubiri. Kazi yenyewe ilikuwa saa 400. Darasa la pili, vifaa vikiwa vimefika mapema, lilichukua saa 362. Ukigawa 362 kwa 460 unapata takribani asilimia 79, na kwa kiwango hicho darasa la nane lingetakiwa kukamilika kwa saa 224, jambo ambalo hakuna kikundi kingeliweza. Ukigawa kwa 400 unapata asilimia 90 na ushei. Darasa la nne lilipochukua saa 326, yaani asilimia 90 ya lile la pili, niliamini kwamba kiwango ni asilimia 90, nikaweka hesabu hii kwenye lahajedwali, namba ya darasa ikiwa katika safu ya A:

```
=400*A2^(LOG(0.9)/LOG(2))
```

Jumla ya madarasa manane ilitoka saa 2,630 hivi badala ya 3,200, wastani wa saa 329 kwa darasa. Upungufu huo wa karibu asilimia 18 niliutoa kwenye gharama ya ufundi wa kuta peke yake. Idadi ya tofali na mifuko ya saruji haishuki kwa sababu fundi amezoea, isipokuwa kidogo kwa upande wa tofali zinazovunjika. Na zege la lenta linahitaji siku zake za kumwagiliwa maji, liwe la darasa la kwanza au la mwisho.

Kisha likaja pendekezo la kuongeza kikundi cha pili ili kuwahi kufungua shule. Mimi siupingi uamuzi huo, lakini lazima gharama yake ionekane: vikundi viwili, kila kimoja kikijenga madarasa manne, kila kimoja hujifunza upya kuanzia mwanzo, na jumla inapanda kutoka 2,630 hadi takribani saa 2,845. Saa hizo 215 ni bei ya kumaliza mapema. Hali hufanana na hiyo kazi inaposimama kwa wiki nyingi na mafundi wakatawanyika, kwani wanaorudi wengi huwa wapya.

Sehemu iliyonishughulisha zaidi ilikuwa malipo. Kikundi kilikuwa kinapatana bei ya ufundi kwa darasa, na bei moja iliyojengwa juu ya wastani wa saa 329 ni halali kwenye karatasi lakini inamuumiza fundi mwanzoni: darasa la kwanza linamgharimu saa 71 ambazo hakulipwa, la pili zaidi ya 30, la tatu karibu 10, na anaanza kufidiwa kidogo tu kuanzia la nne. Fundi asiye na akiba hawezi kuikopesha shule nguvu zake kiasi hicho, na akiondoka baada ya darasa la tatu, uzoefu wote uliolipiwa unaondoka naye. Nilipendekeza bei tatu: ya juu kwa darasa la kwanza, ya kati kwa la pili na la tatu, na ya chini kwa matano yaliyobaki, jumla ikibaki ileile. Nilikaa na fundi mkuu, nikamwonyesha saa darasa kwa darasa, naye akaomba saa za darasa la mwisho zisikadiriwe chini ya 295, kwa kuwa baada ya madarasa kadhaa kasi hutulia na haiendelei kushuka kama hesabu inavyodai. Nilikubali, maana hesabu yangu ilisema 292, tofauti ya saa tatu tu.